Ufa katika njia ya haja kubwa: Kwa nini kidonda kidogo hukataa kupona

Kuna maumivu ambayo mtu huyajua vizuri lakini hamwambii mtu yeyote. Unaingia chooni, choo kigumu kinapita, na unahisi kama kijembe kimekukata. Unapojipangusa unaona damu nyekundu mbichi kwenye karatasi. Maumivu yanatulia kwa dakika chache, nawe unadhani yamekwisha. Kisha yanarudi kwa namna nyingine: yanabana, yanachoma na kupwita, na huenda yakadumu saa moja, mbili au hata nne. Kesho yake unaogopa kwenda chooni.

Ikiwa haya ndiyo yanayokupata, huenda una ufa katika njia ya haja kubwa. Huu ni mchaniko mdogo wa ngozi nyororo iliyo kwenye mlango wa njia hiyo. Kwa kawaida urefu wake haufiki hata sentimita moja na nusu. Lakini kidonda hiki kidogo kinaweza kumtesa mtu mzima kwa miezi, ilhali mkato wa ukubwa uo huo kwenye kidole hupona kwa juma moja. Makala haya yanaeleza sababu ya jambo hilo, kwa kuwa ukiielewa utajua pia namna ya kutumia dawa za kupaka, chakula chenye makapi na maji ya uvuguvugu.

Si kila damu ni bawasiri

Katika mitaa ya Eastlands, kama kwingineko, mtu akiona damu chooni hujiambia kwamba ana bawasiri. Huenda kwa kemisti, hutaja bawasiri, na hupewa dawa ya bawasiri. Mara nyingi hakuna aliyemkagua.

Kuna njia rahisi ya kuanza kutofautisha mambo haya mawili. Bawasiri ya ndani hutoa damu lakini kwa kawaida haiumi. Ufa huuma sana na hutoa damu kidogo tu. Bawasiri ya nje inaweza kuuma sana damu inapoganda ndani yake, lakini hapo utapapasa uvimbe mgumu uliotokea ghafla, na maumivu yake huwapo wakati wote. Maumivu ya ufa hufuata choo: huanza choo kinapopita, hupumua kidogo, kisha huja ule mbano wa muda mrefu.

Daktari au afisa wa kliniki hutambua ufa kwa kukulaza ubavu, magoti yakiwa yamekunjwa, na kutenganisha makalio polepole. Ufa wa kawaida huonekana papo hapo, karibu kila mara upande wa nyuma, katikati, kuelekea uti wa mgongo. Kwa wanawake, hasa baada ya kujifungua, unaweza kuwa upande wa mbele katikati. Hakuna haja ya kuingiza kidole wala kifaa siku hiyo ikiwa maumivu ni makali. Una haki ya kumwambia anayekupima kwamba unaumia mno, naye anaweza kuahirisha sehemu hiyo ya uchunguzi hadi maumivu yapungue.

Msuli usiosikia amri

Njia ya haja kubwa imefungwa na misuli miwili ya mviringo, mmoja ndani ya mwingine. Ule wa nje unautawala mwenyewe. Ndio unaoukaza ukiwa ndani ya matatu na choo kimekushika. Ule wa ndani hauko chini ya amri yako. Hujifunga wenyewe mchana na usiku, hata ukiwa usingizini, na hulegea wenyewe choo kinapokaribia kutoka.

Ngozi inapochanika, msuli huu wa ndani hushtuka na kukakamaa. Ule mbano wa saa mbili unaousikia baada ya choo si kidonda chenyewe kinachouma, bali ni msuli ulioshikwa na mkakamao, kama vile msuli wa mguu unavyokushika usiku. Na kwa kuwa hausikii amri, huwezi kuulegeza kwa kutaka tu.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Mishipa midogo inayopeleka damu kwenye ngozi ya mlango hupita katikati ya msuli huo. Msuli ukikaza, mishipa hubanwa, kama mpira wa maji uliokanyagwa. Tena upande wa nyuma katikati, pale pale ambapo ufa hutokea, watu wengi huwa na mishipa michache kuliko pande nyingine. Watafiti wa Ujerumani walionyesha jambo hilo mwaka 1989 walipochunguza mishipa ya maiti. Mwaka 1994 madaktari wa Uholanzi walipima mtiririko wa damu kwa wagonjwa walio hai. Waliona kwamba kadiri msuli unavyokaza ndivyo damu inavyopungua pale kwenye ufa, na kwamba msuli ukilegezwa kwa upasuaji, damu hurudi na kidonda hupona.

Kidonda kisichopata damu ya kutosha hakijengi ngozi mpya. Ndiyo maana ufa haufungi. Na mambo huzunguka hivi: kidonda kinauma, msuli unakaza, damu inapungua, kidonda kinabaki wazi. Mgonjwa naye huongeza la kwake. Kwa hofu ya maumivu anazuia choo siku mbili au tatu. Choo kinapokaa tumboni hunyonywa maji na kuwa kigumu zaidi, na kinapotoka hatimaye hufungua kidonda upya.

Kwa hiyo matibabu yana kazi mbili tu. Ya kwanza ni kulainisha choo ili kisichane tena. Ya pili ni kulegeza msuli ili damu ifike. Dawa yoyote isiyofanya moja kati ya hayo mawili inaweza kukupa nafuu ya muda, lakini haitakuponya.

Makapi na maji

Mtu mzima anahitaji kiasi cha gramu 25 hadi 30 za makapi ya chakula, yaani nyuzinyuzi, kwa siku. Makapi hayasagwi tumboni. Hushika maji na kukifanya choo kiwe kingi, laini na chenye umbo, nacho hupita bila kuchana.

Huhitaji chakula cha hospitali kwa jambo hili. Kikombe kimoja cha maharagwe au ndengu zilizopikwa kina gramu 13 hadi 15. Nusu ya parachichi ina kama gramu 6. Kiazi kitamu cha kadiri kilichochemshwa na maganda yake kina kama gramu 4, na chungwa moja lina kama gramu 3 ukilila pamoja na nyama zake badala ya kukamua maji tu. Sahani ya githeri ya mchana, chungwa moja, sukuma wiki ya jioni na parachichi vitakufikisha. Ugali wa unga uliosagwa kwenye kinu cha posho bila kukobolewa ni bora kuliko wa unga mweupe wa pakiti. Kipande cha mkate mweupe hakifiki gramu moja, na chapati na mandazi ya unga mweupe si bora sana.

Ongeza makapi kidogo kidogo kwa muda wa siku kumi hivi. Anayeruka kutoka mkate na chai hadi sahani mbili za maharagwe kwa siku moja atajaa gesi, na siku ya tatu ataacha.

Kama chakula hakitoshi, kuna pumba za ngano na kuna maganda ya isabgoli yanayouzwa madukani na kwa kemisti. Pumba ziwe safi, za kuliwa na watu, si zile za magunia ya chakula cha kuku. Vijiko viwili vya mezani ndani ya uji asubuhi vinatosha kuanzia. Isabgoli hutiwa kijiko kimoja cha chai kilichojaa katika glasi ya maji, hunywewa mara moja kabla haijaganda, kisha hufuatwa na glasi nyingine ya maji.

Maji ni sharti. Makapi bila maji huwa kama saruji kavu. Kunywa glasi nane hivi kwa siku, na zaidi ikiwa unafanya kazi juani. Dereva, makanga na mchuuzi wengi hujinyima maji kwa sababu hakuna pa kukojoa njiani, na hiyo ni sababu moja kubwa ya choo kigumu. Miraa na muguka pia hufunga choo, na humwondolea mtu hamu ya kula.

Ikiwa choo bado ni kigumu baada ya juma moja, muulize mfamasia dawa ya kulainisha choo kama laktulosi. Usitumie dawa kali za kuharisha. Choo cha majimaji kinachotoka mara nyingi huchoma kidonda na kukizuia kupona kama vile choo kigumu kinavyofanya.

Kuna jambo la wakati pia. Tumbo husukuma choo baada ya mtu kula, hasa asubuhi. Katika ploti ambayo familia kumi zinatumia choo kimoja, wakati huo ndio wa foleni, na watu hujizuia hadi hamu ipite. Kunywa chai yako mapema, kabla ploti haijaamka, na ngoja dakika 20. Hamu ikija, nenda. Usikamue, wala usikae chooni zaidi ya dakika tano. Choo cha kuchuchumaa ni kizuri kwa kazi hii. Kama chenu ni cha kukalia, inua miguu juu ya kibao kidogo.

Beseni la maji ya uvuguvugu

Wengi hudhani kukalia maji ya uvuguvugu ni njia ya kusafisha kidonda. Usafi ni faida ndogo tu. Kazi yake kubwa ni kulegeza ule msuli wa ndani, ambao hulegea upatapo joto la kiasi, na mbano hupungua.

Chukua beseni pana la kufulia na ulitenge liwe la kazi hiyo peke yake. Tia kwanza maji baridi lita 5, kisha ongeza lita 2 za maji yaliyochemka. Hapo utapata joto linalokaribia digrii 40, yaani kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Yapime kwa kiwiko kabla ya kukaa. Usianze kwa kutia ya moto, na usikae kabla ya kupima, kwani watu wameungua kwa haraka hiyo.

Kaa kabisa ndani ya beseni, makalio yakiwa ndani ya maji. Usichuchumae juu yake, kwa sababu ukichuchumaa misuli inaendelea kufanya kazi. Kaa dakika 10 hadi 15. Fanya hivyo asubuhi na jioni, na kila baada ya kwenda choo ikiwezekana, kwa kuwa huo ndio wakati msuli unapokakamaa. Ukichemsha maji ya chai alfajiri, jaza na chupa ya chai ya lita mbili, ili baada ya choo usihangaike kuwasha stovu tena. Yakiwa yamepoa kidogo ndani ya chupa, punguza ya baridi.

Usitie dawa ya kuua viini, sabuni wala siki. Vitu hivyo huunguza ngozi iliyo wazi na kuufanya msuli ukaze zaidi. Chumvi si lazima, maana maji matupu yanatosha. Ukimaliza, jikaushe kwa kubonyeza kitambaa laini cha pamba bila kusugua. Karatasi ngumu na gazeti havifai kabisa kwa kujipangusia wakati huu. Nawa kwa maji badala yake.

Usidharau njia hii kwa kuwa ni rahisi. Mwaka 1986 daktari mmoja wa Denmaki alichapisha matokeo ya wagonjwa 103 waliokuwa na ufa mpya kwa mara ya kwanza. Aliwagawa katika makundi matatu. Baada ya majuma matatu, waliopaka dawa ya ganzi peke yake walipona kama 60 kati ya 100. Waliopaka marhamu ya haidrokotisoni walipona kama 82. Waliokalia maji ya uvuguvugu na kula pumba za ngano walipona 87. Beseni na pumba vilikuwa mbele ya marhamu zote mbili.

Marhamu: ipi hufanya nini

Ukienda kwa kemisti utakuta marhamu za aina tatu, nazo hazifanyi kazi moja.

Aina ya kwanza ni ya ganzi, kama lignokeini. Hutia ganzi kwenye ngozi. Ukiipaka kiasi kidogo dakika 10 kabla ya kwenda choo, utaweza kwenda bila woga, na hilo linasaidia kuvunja ile tabia ya kuzuia choo. Lakini hailegezi msuli wa ndani vya kutosha, na peke yake si tiba ya ufa sugu.

Aina ya pili ni zile za bawasiri, ambazo nyingi zina dawa ya jamii ya steroidi. Zinaweza kupunguza mwasho na uvimbe kwa siku chache. Zikitumiwa kwa majuma mengi hufanya ngozi kuwa nyembamba na dhaifu, na ngozi nyembamba huchanika upesi. Usizidishe siku saba bila kuonana na daktari.

Aina ya tatu ndiyo inayolenga msuli. Humo kuna diltiazemu ya asilimia 2, nifedipini, ambayo mara nyingi huchanganywa na lignokeini, na gliserili trinitreti ya asilimia 0.2 hadi 0.4. Zote hizi zilianza kama dawa za moyo na za shinikizo la damu. Zikipakwa kwenye mlango wa njia ya haja kubwa, huulegeza msuli wa ndani na kupanua mishipa, na damu hufika kwenye kidonda. Mwaka 1997 madaktari wa Nottingham, Uingereza, walichapisha majaribio ya gliserili trinitreti kwa wagonjwa 80 wenye ufa sugu, na kama theluthi mbili ya walioipaka walipona kwa majuma manane. Majaribio ya baadaye yalionyesha mafanikio ya chini ya hapo, karibu nusu. Hata hivyo yalithibitisha kwamba msuli unaweza kulegezwa bila kisu.

Gliserili trinitreti ina kasoro kubwa moja, nayo ni kuumwa na kichwa. Dawa huingia katika damu na kupanua mishipa ya kichwani pia, na maumivu hayo huwapata wengi. Diltiazemu huleta taabu hiyo mara chache zaidi, ingawa wengine huwashwa na ngozi. Ndiyo sababu madaktari wengi leo huanza na diltiazemu au nifedipini.

Dawa hizi zitumiwe kwa agizo la daktari, na namna ya kupaka ni hii. Baada ya kukalia maji na kujikausha, chukua kiasi cha punje moja ya mahindi. Vaa glavu au funga kidole kwa karatasi ya nailoni, la sivyo dawa itaingia kupitia ngozi ya kidole chako. Paka ukingoni mwa mlango na kuingia ndani kidogo tu, kama sentimita moja. Mara mbili kwa siku zinatosha kwa kawaida. Kaa au lala kwa muda kidogo baadaye, kwa maana ukisimama ghafla unaweza kupata kizunguzungu.

Hapa kuna onyo ambalo halina mzaha. Usitumie gliserili trinitreti kabisa ikiwa unameza viagra au dawa nyingine yoyote ya jamii hiyo ya nguvu za kiume, pamoja na zile zinazouzwa kisirisiri. Dawa hizo mbili zikikutana, shinikizo la damu linaweza kuporomoka hadi mtu azirai au afe. Mwambie daktari ukweli, hata kama unaona haya. Anayetumia dawa za shinikizo la damu au za moyo, mwenye mimba na anayenyonyesha pia waseme kabla ya kupewa marhamu yoyote ya aina hii.

Mfano wa dereva wa Kayole

Ili uone mambo haya yanavyofuatana, tuchukue mfano wa dereva wa matatu wa miaka 34, anayeishi Kayole na kufanya kazi barabara ya Jogoo. Ni mtu wa kubuni, lakini visa kama chake ni vya kila siku.

Huamka saa kumi usiku, hunywa chai kwa mandazi mawili, na hukaa kwenye usukani hadi saa mbili za usiku. Maji hanywi kwa kuhofia kukojoa njiani. Alasiri hutafuna muguka. Siku moja, baada ya kukosa choo kwa siku nne, anakwenda kwa nguvu na kusikia mchaniko. Anaona damu. Kemisti anampa dawa ya bawasiri, naye anaipaka kwa majuma matatu. Anapata nafuu ya saa moja kila anapoipaka, lakini maumivu yako pale pale. Anaanza kuzuia choo hadi siku yake ya mapumziko.

Juma la nne anakwenda hospitali. Anakaguliwa bila kuingizwa kidole, na ufa unaonekana nyuma katikati. Anaagizwa diltiazemu ya asilimia 2 mara mbili kwa siku kwa majuma manane, beseni asubuhi na jioni, isabgoli, na chupa ya maji ya lita moja na nusu ndani ya gari. Mandazi yanabadilishwa kwa kiazi kitamu, na mchana anakula githeri kituoni. Muguka anaacha.

Juma la kwanza choo kinaanza kulainika, lakini mbano bado upo. Juma la pili mbano unapungua kutoka saa mbili hadi nusu saa. Juma la tatu haumwi tena. Anaacha dawa, anaacha beseni, na anarudia mandazi. Juma la tano choo kigumu kinapita na maumivu yanarudi kama mwanzo. Anadhani dawa imeshindwa.

Dawa haikushindwa. Maumivu huisha msuli unapolegea, na jambo hilo huja majuma kadhaa kabla ngozi haijafunga. Kutoumwa si sawa na kupona. Ngozi mpya ya juma la tatu ni nyembamba kama utando wa maziwa. Dereva wetu anaanza upya, safari hii anatimiza majuma manane yote, na daktari anamkagua tena na kuona ufa umefunga. Makapi na maji anaendelea navyo, kwa kuwa ufa hupenda kurudi mahali pale pale.

Ufa uliokuwa sugu

Ufa uliodumu zaidi ya majuma sita hadi manane huitwa sugu. Kingo zake huwa ngumu, na nje yake huota kinyama kidogo cha ngozi ambacho watu wengi hukidhania bawasiri. Ndani ya kidonda zinaweza kuonekana nyuzi nyeupe za msuli wenyewe. Ufa wa namna hii hauponi kwa makapi na maji peke yake mara nyingi, bali huhitaji marhamu ya kulegeza msuli.

Majuma manane ya matibabu kamili yakipita bila kupona, kuna hatua mbili. Moja ni sindano ya botulinamu, inayoulegeza msuli kwa muda wa miezi miwili au mitatu. Haipatikani kila mahali na ni ghali. Nyingine ni upasuaji mdogo wa kukata sehemu ya msuli wa ndani kwa upande. Daktari wa upasuaji Stephen Eisenhammer wa Johannesburg alieleza mwaka 1951 kwamba msuli wa ndani ndio wa kukatwa, na njia inayotumiwa leo imetokana na kazi hiyo. Huponya zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100. Hatari yake ni kwamba wachache hushindwa baadaye kuzuia upepo, na mara chache choo. Kwa hiyo mwanamke aliyewahi kuchanika vibaya wakati wa kujifungua amwambie daktari mapema, maana huenda njia nyingine ikamfaa zaidi.

Wakati wa kwenda hospitali bila kungoja

Usiendelee na beseni nyumbani ukiona dalili hizi. Uvimbe wenye maumivu ya kudumu pamoja na homa au usaha ni jipu, nalo hupasuliwa. Ufa ulio ubavuni badala ya katikati, au nyufa kadhaa kwa pamoja, au kidonda kisichouma, vinaweza kuwa dalili ya kifua kikuu, kaswende, maradhi yanayoambatana na virusi vya ukimwi, ugonjwa wa matumbo au hata saratani, na vipimo vinahitajika. Damu nyeusi au iliyochanganyika na choo, kupungua uzito, au choo kilichobadilika umbo na nyakati bila sababu, hasa kwa aliyepita miaka 40, si mambo ya kutibiwa kwa marhamu.

Kwa wakazi wa Eastlands, kituo cha afya cha karibu kinaweza kuanza uchunguzi, na anayehitaji daktari wa upasuaji hutumwa hospitali kubwa kama Mama Lucy Kibaki au Kenyatta. Utakapofika, sema wazi: ninaumwa choo kinapopita, maumivu yanadumu saa kadhaa, na hii ni damu ya aina fulani. Maneno hayo matatu humfikisha daktari karibu na jibu kabla hata ya kukukagua. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na maradhi haya hufichwa kuliko mengi, ilhali yakishikwa katika majuma ya kwanza, tiba yake ni sahani ya githeri, chupa ya maji na beseni.